Msumari wa Funguo

"Ufunguo hauna miguu, Mama Redio. Haukushuka msumarini ukatembea."

"Sijasema una miguu, mama."

"Basi tuambie ulishushwa na mikono ya nani. Watu wako hapa wanasikia. Si unapenda kusikilizwa?"

Ua mzima ulikuwa umetoka nje. Waliokuwa wanaosha vyombo waliacha vyombo, waliokuwa wanasuka waliacha kichwa cha mtu nusu kimesukwa. Mama Pacha, mke wa Fundi Sofa, alikuwa amesimama palepale ilipokuwa inalala pikapu ya mumewe, juu ya doa jeusi la oili. Alisimama kama mtu anayelinda kaburi. Mama Redio naye alikuwa upande wa pili wa meza yake ya kupigia pasi, na pasi yenyewe mkononi. Hakuwa amekumbuka kuitua mpaka akasikia harufu ya kola ya mteja ikianza kuungua.

"Mimi," alisema, akaitua. "Ni mikono yangu. Nimekwisha kumwambia baba watoto wako."

"Umemwambia kwa kunong'ona. Lini umewahi kunong'ona wewe?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya kwa kucheka. Lakini hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Hakuitwa Redio kwa bure. Mwanamke huyu ndiye aliyejua mpangaji wa chumba cha kona ameposa kabla mpangaji mwenyewe hajapata jibu. Akipiga pasi anatangaza, akinyunyiza maji kwenye shati anatoa uchambuzi, na mtu akirudi safari alipita kwanza mezani kwake kabla hajaingia kwake, ili ajue nyumba yake ina hali gani.

Na kwa kuwa hakuwa akitoka, ndiye aliyetunza funguo. Ua wao ulikuwa mwembamba na geti lake moja, na magari yalilala yamefuatana kama ng'ombe kwenye josho. Wa nyuma akitaka kutoka ni lazima wa mbele asogezwe. Basi tangu zamani walikubaliana: kila mwenye chombo anaacha ufunguo wa akiba kwa dobi. Alipigilia misumari ukutani, juu ya meza, akatundika: wa dereva wa lori mwenye kigari chake cha nyumbani, wa nesi, wa bwana wa pikipiki, na wa Fundi Sofa, wenye kipande cha kitambaa cha velveti ili usichanganyike na mingine.

Jumanne waliingia vijana wawili. Kitu cha kwanza alichoona ni mashati yao. Yalikuwa yamepigwa pasi vizuri, mistari ya mikono imenyooka. Mtu wa kazi yake hujikuta anamheshimu mtu kwa kola. Wakamwamkia shikamoo, wakainama kidogo. Kisha yule mrefu akasema, kwa sauti ya mtu aliye hospitalini:

"Mama, tumetumwa na kampuni iliyomkopesha fundi gari. Marejesho yamelala. Tumekuja kulichukua. Hatutaki kelele. Tukileta gari la kuvuta, mtaa mzima utajua, na wewe unaona ni mtu mwenye heshima zake."

Fundi hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa mteja kupima viti. Mama Pacha alikuwa sokoni. Mapacha walikuwa karibu kutoka shule. Mama Redio aliwaza wale watoto wakikuta gari la baba yao limening'inizwa matako juu kama mbuzi wa kuchinjwa, watoto wenzao wanashangilia. Aliwaza uso wa fundi. Habari kubwa kuliko zote za mwaka huo ilikuwa imemjia yenyewe mpaka mezani, na yeye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaamua kuimeza.

Alishusha ufunguo wenye velveti. Akawafungulia geti kwa mkono wake. Na yule kijana alipoketi kwenye usukani injini ikazima, Mama Redio akamsogelea dirishani akamwambia taratibu, kama anavyomwambia mgeni wa gari lile siku zote: "Gia ya kwanza ina ukaidi. Kanyaga klachi mpaka chini, kisha uibembeleze."

Fundi aliporudi alimwambia faraghani. Fundi aliuangalia msumari mtupu. "Asante kwa kunisitiri, dada," alisema. Naye akamdanganya mkewe kwamba gari liko gereji, na uongo ule ulikaa siku mbili tu, kwa sababu nesi alipanda basi lililopita mbele ya yadi ya mnada, akaiona pikapu imejipanga na wenzake.

Sasa fundi mwenyewe alitoka chumbani, ametundika futi yake ya kupimia shingoni kama kawaida yake. "Mama Pacha, ingia ndani."

"Nikiingia ndani gari litarudi?"

"Halitarudi kwa kumtukana dada."

"Simtukani. Namuuliza. Watu wamekuja kuchukua kitanda chetu cha kulalia, na jirani anawasaidia kukunja shuka."

Hapo dereva wa lori akakohoa, akanyoosha mkono, akashusha ufunguo wake mwenyewe. "Si kwa ubaya, dada," akasema, bila kumwangalia. Nesi naye akauchukua wake, akasingizia anatoka mapema kesho. Kufika jioni msumari uliobaki na kitu ulikuwa wa bwana wa pikipiki, na huyo ni kwa sababu alikuwa kazini. Wanasema majuto ni mjukuu. Mama Redio alikuwa na wajukuu wa damu wa kumtosha; huyu mpya hakumwomba kwa mtu.

Dereva wa lori, pengine kwa aibu ya ule ufunguo, ndiye aliyerudi baadaye na neno la maana. Shemeji yake aliwahi kunyang'anywa teksi namna hiyo, akaenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, nyuma ya jengo la mahakama, mawakili wanasikiliza bure. "Msikae mkilia," alisema. "Hawa watu wana sheria zao, lakini na sheria ina watu wake."

Walikwenda watatu. Mama Pacha hakutaka Mama Redio aje, ila fundi alisema: wataulizwa ufunguo ulitoka kwa nani, na mwenye jibu ni yeye. Njiani wanawake wawili walikaa kila mmoja dirisha lake, fundi katikati kama mto wa kochi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, feni iliyokuwa inazunguka kwa kujilazimisha, na wakili wa kike, umri wa binti yake Mama Redio, anayeandika huku akisikiliza. Aliuliza swali moja kwanza kabla ya yote.

"Bei nzima ya gari, umeshalipa sehemu gani?"

"Nimevuka theluthi mbili," fundi alisema. "Niko karibu na robo tatu. Sijawahi kuruka hata mwezi, mpaka mke wangu alipofanyiwa upasuaji. Ndipo nikakwama."

Wakili aliweka kalamu chini. "Una uhakika?"

Fundi alitoa stakabadhi zake zote kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amezipanga vizuri. Wakili akajumlisha, akajumlisha tena.

"Sikilizeni," alisema. "Ununuzi wa awamu una utaratibu. Gari ni la kampuni mpaka umalize kulipa, hilo ni kweli, ndiyo maana kadi ina jina lao. Lakini hawawezi kuamka asubuhi wakaja kulichukua. Ukichelewa, kwanza wakupe notisi ya maandishi: unadaiwa hiki, una muda huu wa kulipa kilicholala. Ulipata?"

"Nilipigiwa simu. Walifoka."

"Kufoka si notisi. Pili, na hili ndilo kubwa: aliyevuka theluthi mbili kama wewe, gari lake halichukuliwi bila amri ya mahakama. Hakimu anasikiliza pande zote, anaweza hata kukupangia upya namna ya kulipa. Wakilichukua bila amri na bila ridhaa yako, mkataba umekufa, deni limekufa nalo, na wewe una haki ya kudai urudishiwe kila ulicholipa."

Mama Pacha alishika ukingo wa benchi. "Kila alicholipa?"

"Ndiyo maana wanakuja kwa upole na mashati mazuri."

Mama Redio alisogea mbele kwenye benchi. "Mwanangu," alisema, "na ufunguo nilioutoa mimi?"

"Wewe ni mkewe?"

"Jirani. Dobi."

"Basi ridhaa yako si ridhaa yake. Mwenye mkataba ni yeye. Jirani hawezi kurudisha gari kwa niaba ya mtu." Wakili alimtazama kwa huruma kidogo. "Ila nikuambie, mama, kwa siku nyingine. Ule ni ua wenu. Hawakuwa na karatasi ya mahakama. Ungewaambia hapana, walitakiwa waondoke. Hawaruhusiwi kusukuma geti wala kusukuma mtu."

"Ningepiga kelele?"

"Hata kelele si lazima. Hapana moja ingetosha. Lakini majirani kujaa uani kusingedhuru."

Mama Redio akaangalia viganja vyake, vilivyokauka kwa sabuni. Miaka yote watu walimwambia mdomo utakuja kumponza. Mama yake alimwambia, mumewe alimwambia mpaka siku anakufa. Na siku aliyoufunga ndiyo siku iliyotakiwa aufungue. Angetangaza kama anavyotangaza harusi ya mtu, dereva wa lori angetoka, nesi angetoka, wasukaji wangetoka na vitana mkononi, na wale vijana wangerudi na kola zao kwa miguu.

Hata hivyo moyo wake ulikuwa umeanza kupata hewa. Hakuharibu. Sheria ilikuwa imepita juu ya kosa lake kama mtu anayeruka dimbwi. Hata Mama Pacha alimgeukia, akawa kama anataka kusema kitu.

"Swali la mwisho," wakili alisema. "Baada ya gari kuondoka, ulisaini chochote?"

Fundi alianza kuikunja ile futi shingoni.

"Baba Pacha," mkewe alisema.

"Nilikwenda yadi," alisema. "Kesho yake, alfajiri. Kwenye gari kulikuwa na mashine yangu ya kubana vitambaa, na velveti, na mito ya kochi la mteja wa watu, anaisubiri. Nikawaambia nipeni vyombo vyangu tu. Yule bwana akasema saini hapa kwamba umevipokea."

Alitoa simu, akaonyesha picha ya karatasi. Wakili aliisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sura yake ilivyokuwa inajifunga. Juu palikuwa pameandikwa vyombo. Chini, kwa maandishi madogo, palisema mnunuzi amerudisha gari kwa hiari yake kwa kushindwa kulipa, na amekubali liuzwe bila kusubiri.

"Ulisoma hapa chini?"

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka nirudi kabla ua haujaamka." Hakumwangalia mtu. "Kabla dada hajakaa mezani."

Mama Redio alielewa bila kuongezewa. Mtu huyu alitoka nyumbani kwake gizagiza, peke yake, bila kumuuliza mtu, kwa sababu aliogopa mdomo wake yeye. Angemwambia Mama Redio, naye angempa hata yule dereva wa lori amsindikize, na dereva wa lori ni mtu anayesoma hata maandishi ya pakiti ya chumvi.

"Vyombo vyako ni vyako," wakili alisema taratibu. "Walipaswa kukupa bila sharti. Hawawezi kukushikia mashine yako ili uwauzie haki yako. Na tena, gari limeondoka Jumanne, saini ni ya Jumatano. Hiari haiji baada ya kunyang'anywa. Hayo nitayasema. Lakini wao nao watasema: mtu mzima, akili timamu, jina lake hili hapa. Kama si karatasi hii, ningewaambia mwende nyumbani mkapike."

"Na sasa?" Mama Pacha aliuliza.

"Sasa tukimbie. Njia fupi ni kulikomboa: mnalipa yaliyolala pamoja na gharama zao za haki kabla halijauzwa, mnalichukua."

"Tungekuwa nayo," Mama Pacha alisema, "tungekuwa hapa?"

"Basi naomba mahakama isimamishe mnada. Nataka kiapo cha mama dobi, namna gari lilivyotoka. Mama, unisimulie kama ilivyokuwa. Nimesikia unavyoitwa. Bila chumvi."

Mama Redio alisimulia. Ilikuwa habari fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Alisema mashati, alisema shikamoo, alisema gari la kuvuta. Mama Pacha akamkatiza: "Sema walikutisha. Walikutisha, si ndiyo?"

Ingekuwa rahisi. Mdomo wake ulikuwa umezoea kuongeza kitu hapa na pale ili hadithi isimame vizuri.

"Hawakunitisha," alisema. "Walinibembeleza. Andika hivyo, mwanangu. Na uandike niliwafungulia geti, na nikawaambia habari ya gia ya kwanza."

"Hiyo ya gia si lazima," wakili alisema.

"Iandike."

Aliapa, akatia saini yake, herufi kubwa kama za mtoto. Hakimu alitoa zuio la muda siku ya pili yake, na asubuhi hiyohiyo wakasimama kwenye geti la yadi ya mnada, wakili ameshika amri yenye muhuri, wao wamemfuata kama wageni wa mahari.

Ilikuwa yadi pana ya vumbi. Magari yamepangwa safu, namba zimeandikwa kwa chaki kwenye vioo vya mbele. Mengine yalikuwa bado na vitu vya watu: mwavuli, kiatu cha mtoto kimoja, tasbihi ikining'inia kwenye kioo. Mama Redio alipita katikati yake polepole. Alidhani atasikia hasira. Badala yake alihisi kama yuko wodini, kila kitanda kina mgonjwa ambaye ndugu zake hawajaambiwa.

Msimamizi wa yadi aliisoma amri yote, kwa adabu, akairudisha.

"Mmechelewa, wakili. Limeondoka jana jioni."

"Notisi ya mauzo iko wapi? Mwenye gari alitakiwa aambiwe siku, apewe nafasi ya kukomboa."

"Alisaini kwamba hahitaji kusubiriwa. Nina nakala."

"Aliyenunua?"

"Mtu baki tu. Analipa, anapewa karatasi, anaondoka. Hajui lolote, na sidhani sheria itamfuata. Mfuateni aliyenituma."

Wakili alibaki akimhoji, anaandika, anadai hesabu ya mauzo kwa maandishi. Fundi hakuwa akisikiliza tena. Alikwenda mpaka mwisho wa safu, palipokuwa na nafasi tupu na doa la oili, doa dogo jipya, lakini mtu ayajuaye madoa ya gari lake angelitambua. Akasimama pale. Mama Redio alimfuata.

"Huyo aliyenunua," fundi alimuuliza msimamizi, kwa sauti ya kawaida kabisa, "aliambiwa kuhusu gia ya kwanza?"

Msimamizi hakumwelewa. Mama Redio alimwelewa, akageuka akajifanya anapangusa vumbi machoni.

Yaliyofuata yalikuwa ya ofisini, na ya ofisini hayana machozi. Mbele ya wanasheria wao, kampuni ilijikuta imebanwa. Kiapo cha dobi kilikuwa kimenyooka kama shati. Hakikuwa na pa kushika. Hawakuwa na amri, hawakuwa na notisi, na walikuwa wamemchukulia gari mtu aliyevuka theluthi mbili. Kwa upande wao walikuwa na ile saini. Wakasema watamaliza nje ya mahakama: hesabu ifungwe, hakuna kudaiana tena, na kilichozidi kwenye mauzo baada ya kukata walichokuwa wanadai, ambacho kwa mkataba kilikuwa chake hata hivyo, atapewa, na juu yake kitu kidogo cha kupoza.

"Ukikataa," wakili alimwambia fundi kwenye korido, "tunakwenda kupigania kila ulicholipa. Unaweza kushinda. Naamini utashinda. Lakini itachukua muda, na kila siku ya kesi watainua ile karatasi. Uamuzi ni wako, si wangu."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe aliangalia sakafu. Kazi zilikuwa zimesimama, makochi ya watu yamelala uchi chumbani, na mteja wa mito alikuwa ameshaanza kutuma watu.

"Tuchukue," fundi alisema. "Zilizopotea tutaziita ada ya shule."

Wakili alimpa mkono, na hakusema umefanya vizuri wala vibaya.

Kwa kile alichopata alinunua pikipiki ya miguu mitatu yenye bodi nyuma, kuukuu, kwa mkupuo mmoja, kadi ina jina lake. Kochi la watu watatu halikuenea. Ilimbidi alibebe mgongo wake safari moja na makalio yake safari nyingine, akaliunganishe mlangoni kwa mteja, na wakati mwingine mteja akisimama pale akimwona anapigilia, alimpunguzia heshima na bei pia. Asubuhi, ua ulipomsikia akiisukuma iwake, watu waliangalia pembeni.

Mama Redio alipiga pasi. Misumari ilikuwa mitupu ukutani, hakuing'oa. Watu walipita mezani wakamsalimia, wakangoja kidogo, kama mtu anayewasha redio akasubiri isome, naye akajibu salamu akanyunyiza maji kwenye shati. Mpangaji wa kona aliachana na mchumba wake, ua ukaja kuambiwa na muuza maji. Nesi alipandishwa cheo, hakuna aliyejua mpaka akahama. Nyumba ile ilianza kuwa kama nyumba zingine, ambazo mtu hufa chumbani na jirani akaulizia harufu.

Na Mama Pacha hakumsemesha. Alipita na ndoo, alipita na kikapu, uso mbele.

Jumapili moja mchana, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikitoka kwa fundi, Mama Pacha alitoka na mwiko mkononi, akaja akasimama upande wa pili wa meza. Siku ile alikuwa amesimama mbali, kwenye doa. Aliangalia misumari.

"Watoto wanauliza kwa nini redio imezimwa," alisema.

"Betri, mama."

"Betri." Akageuzageuza mwiko. "Nikuambie kitu, na usikitangaze."

"Sitangazi tena kitu mimi."

"Walinipigia na mimi simu. Wale watu. Kabla hawajaja, zaidi ya mara moja. Nilijua marejesho yamelala. Nikaona mume wangu anajikaza nisijue, kwa sababu ni upasuaji wangu uliokula pesa. Nikasema basi, nikijifanya sijui atapata amani." Akatupa jicho mlangoni kwake. "Ningemwambia, tungekwenda kwa yule wakili mapema, gari likiwa hapa. Nikaja kukusimamisha wewe mbele za watu."

Mama Redio aliitua pasi, safari hii kwenye kitako chake, mbali na kola ya mtu. Alikuwa na mengi ya kusema, na mengi kati ya hayo yalikuwa na chumvi. Akatafuta lisilo nayo.

"Ufunguo nilitoa mimi," alisema. "Hilo halibadiliki."

"Halibadiliki."

Ndani, mmoja wa mapacha aliangusha kifuniko, fundi akamgombeza kwa kinywa kilichojaa pini. Ilijulikana kwa namna maneno yalivyotoka.

"Anafunika kochi Jumapili yote hii?" Mama Redio aliuliza.

"La yule mteja wa mito. Mwanamke ana makelele, hujui tu. Jana kamleta na dada yake."

"Dada yake yupi, yule aliyeolewa na mwenye duka la dawa?"

Mama Pacha akamtazama. "Kwani ameolewa?"

"Mama," Mama Redio alisema, akaanza, kisha akajizuia, akaichukua pasi.

Mama Pacha alimnyang'anya pasi mkononi, akaichomoa waya ukutani.

"Chakula kimeiva, na sahani yako nimeshaipakua," alisema. "Ingia ndani tule. Na hiyo habari uingie nayo."